Kudhibiti hotspoti: idadi ya vifaa, orodha na neno la siri

Mama yangu mdogo ana banda la ushonaji. Jumatatu alinunua bando la GB 5 la wiki nzima, akawasha hotspoti ili binti anayemsaidia apate kutuma picha za nguo kwa wateja. Jumanne jioni akanipigia simu: "Mwanangu, hili bando limeibiwa." Nilipofika nilifungua sehemu ya matumizi ya data kwenye simu yake. Mstari ulioandikwa `Hotspot & tethering` ulisoma GB 3.9. Simu yenyewe ilikuwa imetumia kidogo tu.

Hapo ndipo dhana ya kudhibiti hotspoti inapoanzia. Ina pande mbili: kuamua nani aingie, na kuona nani yumo. Wengi wanajua ule upande wa kwanza kwa sura ya neno la siri peke yake, na neno la siri ni sawa na ufunguo unaochongeka. Ukishampa mtu mmoja, simu yake inaweza kutoa msimbo wa QR ambao mwenzake anaupiga kwa kamera na kuingia bila kukuuliza. Kwenye simu nyingi za Android neno lenyewe huonekana limeandikwa chini ya msimbo huo.

Kwenye ukurasa wa hotspoti wa simu ya mama mdogo kulikuwa na `Connected devices`, na pembeni namba 3. Simu inayorusha haijihesabu, kwa hiyo hao walikuwa wageni watatu, naye alimjua mmoja tu. Wa pili alikuwa simu isiyo na jina, na wa tatu aliitwa `DESKTOP-` ikifuatiwa na herufi na tarakimu. Hilo ni jina ambalo Windows huipa kompyuta ambayo mwenyewe hajaibadilisha jina. Ilikuwa laptopu ya kijana wa duka la jirani, aliyepewa neno la siri na yule binti kwa nia njema, "aangalie kitu kimoja." Laptopu ikikuta mtandao ambao haijaambiwa kuwa data yake ni ya kuhesabiwa, huanza kushusha masasisho yake kimyakimya. Kwa hiyo idadi ya vifaa haikwambii nani anakula bando: simu tano za kusoma ujumbe zinaweza kutumia kidogo kuliko laptopu moja.

Tulianza kwa kumzuia yule asiye na jina. Simu humtambua mgeni kwa anwani ya MAC, jozi sita za tarakimu na herufi, kwa mfano `da:a1:19:4c:07:e2`. Ukimzuia mtu, kinachozuiwa ni anwani hiyo. Tatizo ni kwamba tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia anwani ya bandia kwa kila mtandao. Mtu akibadilisha mpangilio huo, anarudi na anwani nyingine, na simu yako inamwona mgeni mpya. Anwani ya namna hiyo unaitambua kwa herufi ya pili: ikiwa 2, 6, a au e, basi ni ya kutungwa. Ndiyo maana mimi siamini sana orodha ya waliozuiwa. Orodha ya walioruhusiwa peke yao, pale simu inapokuwa nayo, ina nguvu zaidi, ila nayo itamkataa hata mtu wako siku anwani yake ikibadilika.

Kuna pia kuweka kikomo cha idadi. Simu nyingi huruhusu vifaa vinane au kumi, nawe unaweza kushusha hadi kimoja. Lakini kikomo huhesabu viti, hakitazami sura. Jirani akiwahi kukaa, binti ndiye atakayekataliwa, na simu yake itasema tu kwamba imeshindwa kuunganishwa. Tena kifaa kimoja kilichoingia kinaweza kuwarushia wengine mtandao huohuo: Windows ina kitufe chake cha `Mobile hotspot`, na baadhi ya simu zinaweza pia. Wewe utaona 1, nyuma yake wapo watatu.

Kwa hiyo tulibadilisha neno la siri, na wote waliokuwemo wakatoka. Neno jipya lilikuwa la herufi kumi na mbili. Kima cha chini ni nane. Mama mdogo aliliandika mwenyewe kwenye simu ya binti, akamwomba asimpe mtu msimbo, kisha tukaweka kikomo cha kifaa kimoja. Wenye iPhone ndiyo njia yao kuu pia, `Personal Hotspot` halafu `Wi-Fi Password`.

Kesho yake saa nne asubuhi aliandika kwenye daftari la vipimo namba ya mstari ule wa `Hotspot & tethering`, na saa kumi na moja jioni akaandika tena. Tofauti ilikuwa MB 140, karibu zote picha za magauni.