Uhakiki wa baada ya ukoloni: anza na deni, majina yasubiri

Slaidi nilizorithi za mada hii zilifunguliwa kwa majina ya wananadharia: Fanon, Said, Bhabha, Spivak. Wanafunzi wangu hapa Tabora waliyakariri vizuri, kisha kwenye insha wakaandika "wakoloni walitunyonya" na kuishia hapo. Insha ya namna hiyo utaitambua tu: badilisha jina la riwaya, hoja inabaki ileile.

Sasa majina yamehamia slaidi ya mwisho. Ya kwanza ina tukio moja kutoka Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu baba yake anadaiwa. Nauliza: nani kamtia utumwani? Darasa linamtafuta Mjerumani, halimpati. Wanaodaiwa na wanaodai ni watu wa pwani na bara. Hapo ndipo ule mgawanyo rahisi wa mkoloni mbaya na mwenyeji mwema unapoanza kupasuka, na sijataja nadharia yoyote bado.

Slaidi ya pili ni msafara wa Aziz. Chatu, mtawala wa bara, anawanyang'anya mali na kuwashikilia. Anatokea Mzungu na askari wake, anasikiliza kesi na kuamuru mali irudishwe. Wafanyabiashara wamefaidika, sivyo? Wengi hujibu ndiyo. Nawarudisha kwenye swali: kabla ya siku ile ugomvi huu ungeamuliwa na nani, na baada yake utaamuliwa na nani? Mkoloni ameingia kama hakimu kupitia ufa uliokuwepo. Dhamira tuliyozoea kuiita "uonevu" haitoshi kuubeba mkasa huu. Kinachohama ni mamlaka ya kuamua.

(Kila mwaka yupo anayesema Chatu ndiye Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyekufa mwaka 1893 Wajerumani walipoishambulia boma yake. Nawakatalia. Kufanana kunasaidia kufikiri, lakini riwaya si cheti cha historia.)

Mwisho wa riwaya ndio unaochukua muda mwingi. Yusuf amejificha askari wa Wajerumani wakikamata watu. Wanapoondoka anawaona mbwa wakila kinyesi kwenye kambi iliyoachwa, kisha anakimbia kuufuata msafara ule ule wa askari. Amejikomboa, au amebadilisha bwana? Sikubali jibu la upande mmoja. Kila kundi lilete ushahidi wa pande zote mbili: kwa Aziz hana chake, na jeshini hatakuwa na chake pia; ila safari hii miguu ni yake. Wakishabishana mpaka wachoke, ndipo naonyesha slaidi ya Fanon kuhusu mtawaliwa anayemchukia bwana na kutamani nafasi yake, na kuwauliza kama inamtosha Yusuf. Mara nyingi wanasema haimtoshi vizuri, kwa kuwa Yusuf hatamani kuwa bwana wa mtu, anatafuta tu pa kutokea. Jibu hilo nalipa alama.