"Mwanasayansi ni Nani?" na Maswali Mengine Yanayomuua Mgeni Kabla Hajashika Kipaza Sauti

Kazi yangu ni kuwaandaa walimu na washereheshaji wa maonesho ya sayansi ya shule za msingi. Kila mara nawaambia jambo lilelile: usimkaribishe mgeni kwa wasifu wake, anza na swali ambalo watoto wanaweza kulijibu. Wote wanaitikia kwa kichwa na wengine wanaandika. Siku ya maonesho inafika, mwalimu anapanda jukwaani, anatabasamu na kuuliza: "Haya watoto, nani anaweza kutuambia mwanasayansi ni nani?"

Nimelisikia swali hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa najua kitakachofuata. Mikono sita inanyooka, yote ya safu ya mbele. Anachaguliwa yuleyule anayeongoza darasani, naye anasimama wima na kutamka maana iliyomo kitabuni, neno kwa neno. "Mpigieni makofi!" Makofi yanapigwa. Watoto mia mbili waliobaki wameshaelewa kwamba huu ni mtihani kama mitihani mingine na kwamba hawahusiki. Mgeni anapoanza kusema, wa nyuma wameshaanza kusukana nywele.

Dhana: swali wanaloweza kulijibu ni swali jepesi la somo walilokwisha kufundishwa

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu anayeishikilia anaamini kwamba ameufuata ushauri wangu. Ananiambia, "Lakini mwalimu, swali lilijibiwa, na jibu lilikuwa sahihi." Ni kweli. Tatizo ni kwamba jibu lilitoka kwenye daftari, na kwenye daftari watoto hawako sawa.

Swali ninalolitaka ni lile ambalo jibu lake mtoto analo masikioni, kwenye ngozi au machoni, kwa sababu limemtokea. Mtoto wa mwisho darasani analo sawa na wa kwanza. Pia jibu hilo lisifunge mazungumzo, bali liache mlango wazi ambao mgeni ndiye atakayeupitia.

Nitoe mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Mgeni ni mtaalamu wa wadudu anayechunguza mbu. Mshereheshaji asiyejiandaa atauliza, "Mbu huambukiza ugonjwa gani?" Ukumbi mzima utajibu kwa sauti moja, "Malariaaa!" Wamejibu, tena wote, na jibu ni sahihi. Sasa mgeni afanye nini nalo? Hakuna aliyebaki na cha kujiuliza. Kiitikio cha pamoja kinamdanganya mwalimu, maana kelele yake inafanana na hamu ilhali ni mazoea tu.

Sasa uliza hivi: "Uko kitandani, taa imezimwa, hujaumwa bado. Umejuaje kuwa kuna mbu?"

Hapo utaona kitu tofauti. Watoto hawamtazami mwalimu kutafuta ruhusa ya kuwa sahihi. Wanatazamana, wanacheka, wengine wanashika sikio au kuanza kuigiza, "nzzzzz". Hiyo ndiyo dalili yangu. Swali likiwa baya, macho yote yanakuja kwa anayeuliza. Likiwa zuri, macho yanageukia jirani.

Usiishie hapo, maana "tunamsikia" ni nusu tu ya kazi. Ongeza swali la pili, ambalo kila mtu anaweza kulichagulia upande bila kulisomea: "Mlio ule unatoka mdomoni mwake au kwenye mabawa? Wanaosema mdomoni, mikono juu. Wanaosema mabawa?" Ukumbi unagawanyika. Mtoto aliyenyoosha mkono ameshajiwekea dau dogo, na sasa anataka kujua kama ameshinda. Wanafunzi wanaotabiri kwanza kabla ya kuoneshwa jaribio hulielewa vizuri kuliko wanaooneshwa tu. Walimu wa fizikia wa vyuo vikuu walikwisha kulipima jambo hilo kwa wanafunzi wao wakubwa, na sijaona sababu ya kumnyima mtoto wa darasa la nne nafasi hiyohiyo.

Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, usiseme jibu. Geuka kwa mgeni: "Huyu ni Dakta fulani. Kazi yake ni kuwasikiliza mbu. Dakta, mdomoni au kwenye mabawa?" Halafu ondoka jukwaani. Yote haya hayazidi dakika moja na nusu.

Mgeni sasa ana mahali pa kuanzia. Atawaambia ni mabawa, yanayopigwa mara mia kadhaa kwa kila sekunde, kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata lakini sikio linaisikia kama mlio. Atawaambia kwamba anayekusumbua kitandani ni jike, kwa kuwa dume hanywi damu. Na kwamba mlio huo unaokuudhi wewe, dume anautafuta: anaunasa kwa papasi zake zenye manyoya mengi na ndio unaomwongoza kwa jike. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mshereheshaji alipaswa kulisema. Wapo wanaolisoma usiku na kulimwaga lote kwenye utangulizi ili waonekane wamejiandaa, na mgeni anabaki amesimama pembeni kama mtu aliyefika karamuni sahani zikioshwa.

Utalipataje swali la namna hiyo? Mpigie mgeni simu siku mbili au tatu kabla. Usimwombe wasifu. Muulize, "Katika dakika ya kwanza utawaonesha au kuwaambia nini?" Kisha jiulize: jambo hilo mtoto amekutana nalo wapi bila kujua jina lake? Kama mgeni anachunguza mifupa, kila mtoto anaweza kujipapasa mkono na kuhisi penye mfupa na pasipo. Kama anachunguza udongo, wote wamewahi kuona maji yakituama mahali fulani huku pengine yakizama mara moja. Kama hukupata kitu, mwambie mgeni abadilishe dakika yake ya kwanza. Wengi hufurahi kuambiwa, kwa kuwa nao wanaogopa ukumbi wa watoto kuliko ukumbi wa maprofesa.

Bado kuna njia ya kulijua swali baya kabla ya siku yenyewe. Mtafute mtoto mmoja asiyependa sayansi, umuulize. Akijibu kwa kuanza na "Mimi siku moja...", umelipata. Akijibu kwa kuanza na "Ni...", rudi ukaandike jingine.

Dhana: wakikaa kimya, hawajui, saidia haraka

Hapana. Wakikaa kimya wanafikiri, na wewe ndiye usiyevumilia. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima jambo hili madarasani katika miaka ya 1970. Alikuta kwamba walimu, wakishauliza, husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kumwita mwingine au kujijibu wenyewe. Walipojizoesha kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto ambao kwa kawaida hawasemi walianza kusema.

Sekunde 3 jukwaani ni ndefu kama foleni. Ushauri wangu ambao walimu huucheka ni huu: ukishauliza, bana kidole gumba kwa vidole vitatu, kimoja baada ya kingine, mkono ukiwa nyuma ya mgongo, ndipo uchague mkono wa mtoto. Tena usianze na mkono wa kwanza kunyooka. Wa kwanza kunyooka huwa ni wa yuleyule wa safu ya mbele.

Dhana: jibu lisilo sahihi lirekebishwe hapohapo ili wengine wasipotoshwe

Watoto waliosema mdomoni hawajapotosha mtu yeyote. Wamempa mgeni kazi. Ukisema "si kweli, ni mabawa", umeua mambo mawili kwa mpigo: mtoto hatanyoosha mkono tena siku hiyo, na mgeni amenyang'anywa jibu lake. Sema tu, "Upande mmoja umesikika. Na wengine?" Sauti yako ibaki ileile kwa jibu sahihi na lisilo sahihi. Hili lina mazoezi yake, kwa sababu nyusi za mwalimu hupanda zenyewe akisikia jibu analolitaka, na watoto huzisoma nyusi hizo vizuri kuliko ubao.

Je, mtoto mmoja akisimama na kueleza kila kitu, mabawa, kasi, jike na dume? Hutokea. Usimsifie kiasi cha kuthibitisha jibu lake. Muulize, "Umejuaje?", kisha umwambie akae tayari, mgeni atamhitaji. Mgeni mwenye akili atamhitaji kweli.

Dhana: bila kutaja shahada zake, watoto hawatamheshimu mgeni

Mtoto wa miaka 8 hajui shahada ya uzamivu ni nini na hana sababu ya kujua. Mpe jina la mgeni na kitenzi kimoja: anasikiliza mbu, anapima nyufa za madaraja, anahesabu samaki. Shahada zisomewe wazazi na wakuu wa elimu, kwenye kipindi chao. Mgeni mwenyewe akinung'unika kwamba hukuzitaja, na wapo wanaonung'unika, zichapishe kwenye ratiba.

Dhana: "Nani anataka kuwa mwanasayansi?" ni swali zuri la kufungulia

Wote watanyoosha mikono, hata aliyesinzia. Swali ambalo kila mtoto analijibu "mimi!" kabla hujalimaliza halijawauliza chochote. Vilevile linamtaka mtoto ajichagulie kuwa mtu ambaye hajamwona bado. David Wade Chambers, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1983, alieleza jinsi watoto 4,807 walivyoombwa wachore mwanasayansi. Ni michoro 28 tu iliyoonesha mwanamke, na yote ilichorwa na wasichana. Hiyo ndiyo sura wanayoinyooshea mikono unapouliza swali lako. Mwache kwanza mama yule wa mbu awaeleze kuhusu mabawa, halafu kama bado una hamu, uliza wakati wa kuagana.