Mraba huhesabu mayai, mimi nilikuwa nahesabu vifaranga

Kuna kuku wa kienyeji wenye miguu mifupi mno, wakitembea utadhani wanatambaa. Mimi nafuga hao nyuma ya nyumba yangu Kisauni, na kila mwaka nawatumia kuwafundishia wanafunzi wangu wa jenetiki. Ufupi ule unatokana na jeni moja inayotawala. Kifaranga akirithi nakala moja tu, miguu inakuwa mifupi, na hilo utaliona siku ile ile anapototolewa. Kwa hiyo huhitaji darubini, unahitaji kalamu na subira ya siku 21.

Nakala ya ufupi tuiite C, ya kawaida c. Jogoo wangu na mitetea yake wote ni Cc, nina hakika kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mzazi wa miguu ya kawaida. Mraba wa Punnett, yaani jedwali linalopanga nakala za jogoo dhidi ya za mtetea, basi ni huu:

```
       C     c
  C    CC    Cc
  c    Cc    cc
```

Vyumba vitatu vina C, kimoja hakina. Ukiusoma hivyo, katika kila vifaranga wanne unatarajia watatu wafupi na mmoja wa kawaida. Wanafunzi hufika hapa kwa dakika tano, kisha hudhani kazi imekwisha.

Awamu ya kwanza tulipata vifaranga 60: wafupi 41, wa kawaida 19. Mraba ulitabiri 45 na 15. Mwanafunzi mmoja akasema "imekaribia," mwingine akasema "imekosea," na wote wawili walikuwa wanakisia kwa macho. Ndiyo maana tuna jaribio la kai-mraba, alilolitoa Karl Pearson mwaka 1900. Kwa kila kundi unachukua idadi uliyoipata, unatoa uliyoitarajia, unakipiga kipeo cha pili kile kilichobaki, kisha unagawanya kwa uliyoitarajia. Kwa wafupi tofauti ni 4, kipeo chake 16, gawanya kwa 45 unapata 0.36. Kwa wa kawaida ni 16 gawanya kwa 15, yaani 1.07. Jumla 1.42.

Kukiwa na makundi mawili, mpaka unaotumika ni 3.84. Maana yake ni kwamba kama mraba ni wa kweli, bahati peke yake itakuvusha mpaka huo takriban mara moja katika ishirini. Sisi tulikuwa na 1.42, chini sana. Kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kuukataa uwiano wa 3 kwa 1. Lakini sikilizeni vizuri: kutokuwa na sababu ya kuukataa si sawa na kuuthibitisha.

(Na tafadhali, tumieni idadi yenyewe, si asilimia. Ukiingiza asilimia kwenye hesabu hii, vifaranga 60 wanajifanya 100, na jibu linavimba bila haki.)

Kilichonisumbua hakikuwa vifaranga, kilikuwa mayai. Ya hapa huwa nayamulika siku ya saba kwa tochi. Yai lisilorutubishwa linapitisha mwanga tu. Yai hai lina mishipa inayotandaa kama buibui. Kiinitete kilichokufa mapema huacha duara jekundu la damu. Kati ya mayai 82 yaliyorutubishwa, 20 yalikuwa na duara hilo, na mengine mawili yalikufa karibu na kutotolewa. Nikailaumu mashine ya kuangulia, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika mara mbili wiki ile, na hili joto letu la pwani halisaidii.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo yake, alinikuta nikivunja yale mayai uani. Hakushangaa. "Hao wa miguu mifupi ukiwapandanisha wenyewe kwa wenyewe, mayai yao mengine yafa, mwanangu. Siku zote yafa. Waulaumu umeme bure."

Sikumjibu, nikarudi kwenye mraba. Chumba cha juu kushoto ni CC. Je, kama mwenye C mbili hafiki kutotolewa? Basi robo ya mayai inapotea, na wanaobaki ni Cc wawili kwa cc mmoja. Uwiano wa 2 kwa 1. Kwa vifaranga 60 hiyo ni 40 na 20, na sisi tulikuwa na 41 na 19! Shida ni kwamba hata ningepata 40 na 20 kamili, kai-mraba dhidi ya 3 kwa 1 ingekuwa 2.22 tu, bado chini ya mpaka. Yaani kwa vifaranga 60, hesabu hii ni dhaifu mno kutenganisha uwiano hizi mbili. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya kuweka yai la kwanza.

Tukaangua awamu ya pili, na safari hii nikaweka pembeni, katika mashine ile ile na siku zile zile, mayai ya jogoo yule yule na mitetea ya miguu ya kawaida, ambako CC haiwezi kutokea. Kundi la Cc kwa Cc lilitoa wafupi 38 na wa kawaida 22. Jumla ya awamu zote mbili ikawa 79 na 41. Dhidi ya 90 na 30, tofauti ni 11, kipeo chake 121: 1.34 kwa wafupi, 4.03 kwa wa kawaida, jumla 5.38. Mpaka umevukwa. Dhidi ya 80 na 40, jumla ni 0.04 tu.

Nakiri kosa moja: kuchungulia matokeo kisha kuongeza vifaranga kunaongeza nafasi ya kudanganyika, ile moja katika ishirini haibaki moja katika ishirini. Ndiyo maana nayategemea zaidi mayai. Awamu mbili zilikuwa na mayai 166 yaliyorutubishwa, na 40 yalikufa mapema. Robo ya 166 ni 41 na nusu. Katika kundi la pembeni, mayai 48, yaliyokufa mapema ni matatu tu, na vifaranga waliototolewa walikuwa wafupi 23 na wa kawaida 21. Umeme uliwakatikia wote sawa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1905 Lucien Cuénot aliona kwamba panya wake wa manjano hawazai kamwe manjano halisi, na mwaka 1910 Castle na Little wakahesabu panya wengi zaidi wakapata 2 kwa 1. Kwa kuku hawa, CC wengi hufa takriban siku ya tatu au ya nne ya kuatamiwa. Mraba haukukosea popote. Unahesabu mayai yaliyorutubishwa, na mimi nilikuwa nahesabu waliofika mlangoni.

Yule mama aliniuliza afanyeje, maana wateja wake wanataka wafupi tu. Nikamwambia aachane na kupandanisha wafupi kwa wafupi. Mayai 100 yaliyorutubishwa ya namna hiyo yatampa wafupi kama 50, wa kawaida 25, na viza 25. Akimweka jogoo mfupi na mitetea ya kawaida, wafupi ni 50 vile vile, na wale wengine 50 wote wanatembea.