Sentensi nzuri mbili zinaweza kuzaa barua mbovu

Kwa mara nyingine nimeletewa barua pepe "iliyokwisha kazi", nipitishe jicho tu. Kazi yenyewe ni hii: barua ya Kiingereza imetiwa kwenye mitambo miwili ya kutafsiri, kisha mtu akachukua sentensi tamu ya huku na tamu ya kule, akazipanga kama mishikaki. Imani iliyopo ni kwamba ukichagua kizuri kutoka kila upande, unachopata lazima kiwe bora kuliko pande zote mbili. Sivyo. Mara nyingi unapata kitu kibovu kuliko vyote viwili, na ubaya wake ni kwamba kinasomeka vizuri.

Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya hapa. Kikundi cha wakulima wa zabibu nje kidogo ya Dodoma kimeagiza pampu ya kisima kirefu kwa muuzaji aliyeko Dar es Salaam, anayeandika Kiingereza. Mtambo wa kwanza, nitauita A, umetoa hivi:

1. Asante kwa agizo lako la kitengo cha pampu na kisanduku cha kudhibiti.
2. Kimejaribiwa na kitaondoka kwenye ghala Alhamisi saa 3 mchana.
3. Tafadhali lipa salio bora kufikia Jumatano.
4. Usikisakinishe kabla ya fundi wetu kukagua kisima siku ya Ijumaa saa 10 asubuhi.
5. Dhamana haifuniki uharibifu uliosababishwa na mchanga isipokuwa kichujio kimewekwa.
6. Tafadhali shauri ikiwa siku haifai.

Mtambo B:

1 na 2. Tunawashukuru kwa kuagiza pampu pamoja na kisanduku chake. Imejaribiwa na itatoka ghalani Alhamisi saa 9 alasiri.
3. Tafadhali mlipe salio lililobaki siku ya Jumatano.
4. Msiifunge hadi fundi wetu atakapokuja kukagua kisima Ijumaa asubuhi.
5. Dhamana yetu haihusu uharibifu unaotokana na mchanga.
6. Tafadhali mtushauri kama siku hiyo haiwafai.

B umeweka sentensi mbili kwenye mstari mmoja. Hilo ni jambo la kawaida, na ndiyo sababu sipangi kwa kuhesabu mistari. Fungua jedwali lenye safu nne: asili, A, B na ya mwisho. Namba zifuate sentensi za asili, si za tafsiri. Ukiacha kila mtambo uhesabu wake, kufika mstari wa tatu unalinganisha deni na fundi.

Sasa angalia anachofanya mchaguaji. Anachukua 1 na 2 za B, maana ni laini. Akifika 4, anaona B imesema "Ijumaa asubuhi" tu wakati A ina saa kabisa. Anachukua A, akijipongeza kwa umakini. Barua yake inasema pampu imejaribiwa, itatoka ghalani, kisha: "Usikisakinishe kabla ya fundi wetu kukagua kisima."

Usikisakinishe nini?

Ndani ya A, ile ki- ilikuwa na mwenyewe: kitengo. Tafsiri ya ovyo, kwa sababu kitengo kwetu ni sehemu ya ofisi, kama kitengo cha manunuzi. Lakini ngeli ilikaa sawa: kitengo, kimejaribiwa, usikisakinishe. B ilichagua pampu, ikaenda na imejaribiwa, itatoka, msiifunge. Kila mtambo ulishika uzi wake. Ukikata sentensi ya A na kuipachika kwenye uzi wa B, ki- inabaki yatima, na yatima hutafuta mzazi aliye karibu. Katika barua hii wapo wawili: kisanduku na kisima. Msomaji ataelewa kwamba kisanduku ndicho kisifungwe, pampu ruksa. Ataishusha Alhamisi usiku ikifika, fundi atakuja kesho yake kukagua kisima ambacho tayari kina pampu ndani.

Hili linaniudhi kwa sababu watu wanafundishwa kwamba sentensi ni kipande kinachojitegemea. Kwenye Kiingereza unaweza kuponea chupuchupu, kwa kuwa kiwakilishi chao cha kitu ni kimoja kwa pampu, kisanduku, barua na mlango. Kwetu kiwakilishi kimo ndani ya kitenzi, na kinabeba ngeli ya nomino iliyotajwa sentensi mbili nyuma. Kwa hiyo ukibadili nomino, umebadili vitenzi vyote vinavyoifuata. Kabla sijachagua sentensi hata moja, nachagua nomino: barua hii nzima itasema pampu. Nikishaamua, kila ki- ya A inayorejelea kitengo inageuka i-, nichukue sentensi hiyo au nisiichukue.

Amua pia unaandikia mtu mmoja au wengi. Asili ya Kiingereza haitofautishi. A imesema lako, lipa, usi-. B imesema tunawashukuru, mlipe, msi-. Barua imeandikwa kwa kikundi, basi ni wengi mwanzo hadi mwisho. Barua iliyochanganywa inamshukuru kila mtu halafu inamdai mmoja, na mwenyekiti akiisoma mbele ya wenzake wataanza kuulizana ni nani huyo.

Kosa la pili la mchaguaji ni saa, na hapa ndipo mchanganyiko unapokuwa na sumu kweli. A imenakili tarakimu za Kiingereza: saa 3 mchana, saa 10 asubuhi. B imegeuza kwa hesabu yetu: saa 9 alasiri. Ukiisoma A peke yake, "saa 3 mchana" inakushtua, unajua mtambo huu haujageuza saa, na unashuka chini ukijua saa 10 nayo ni ya kugeuzwa. Ukichukua saa 9 alasiri ya B, kile kilichokuwa kikushtue kimeondoka. Inabaki "saa 10 asubuhi" ikiwa imeketi kando ya saa iliyo sahihi, na msomaji ataamini kwamba zote zimehesabiwa kwa namna moja. Fundi anakuja saa 10 ya alfajiri? Wapo watakaoamka kumsubiri. Saa yenyewe ni 4 asubuhi. Dawa ni kutochukua saa, tarehe, kiasi cha fedha wala namba ya akaunti kutoka kwenye tafsiri yoyote. Vinatoka kwenye asili, unavigeuza mwenyewe, basi.

Tuje kwenye waranti, ambapo utamu wa sentensi ndio mtego. Soma 5 ya A: "haifuniki uharibifu", utadhani dhamana ni blanketi. B inateleza kama mlenda. Kila mtu anachukua B. Lakini asili ina masharti: uharibifu wa mchanga hauhusiki, isipokuwa kama chujio limefungwa. B imemeza sharti zima. Mitambo ya siku hizi hufanya hivi: inapoacha kipande haiachi pengo, inaziba na kulainisha juu, kama fundi anayepaka rangi juu ya ufa. Mtambo unaotafsiri vibaya lakini neno kwa neno unakuonyesha pale ulipokwama. Ule fasaha unakuficha. Kwa mkulima tofauti ni kubwa. Kwa B ataona chujio halina faida kwenye waranti, hatalinunua, na mchanga ukila pampu hana pa kudai.

Kwa hiyo ninapolinganisha siulizi ipi inasikika vizuri. Kwanza, kabla sijatazama A wala B, naandika kando ya kila sentensi ya asili mambo yake kwa mkato: nani, afanye nini, lini, kwa sharti gani, na kama kuna kukanusha. Sentensi ya 5 ina mambo matatu: haihusu, mchanga, isipokuwa chujio. Halafu nayatafuta kwenye A na B nikiweka alama. A ina matatu kati ya matatu, B mawili. Ufasaha unaingia baadaye, nikiwa nimeshajua mambo yanatoka wapi. Mara nyingi jibu ni mambo ya A kwa maneno ya B.

Na mara nyingine sentensi nzuri haipo upande wowote. Angalia ya 3. A imeshika muda, kufikia Jumatano, lakini "salio bora" ni kichekesho: neno la Kiingereza lenye maana ya kilichobaki bila kulipwa lina maana nyingine ya kitu cha kupendeza, na mtambo ukapendezwa. B imepata kilichobaki, ila imepoteza muda. "Siku ya Jumatano" inamzuia mtu kulipa Jumanne. Tena salio kwa watu wengi ni hela uliyonayo kwenye simu, si unayodaiwa. Andika deni.

Ya 6 ndiyo inayopita bila kuulizwa, kwa sababu mitambo yote miwili imekubaliana: shauri, mtushauri. Watu huchukulia makubaliano kama ushahidi. Lakini mitambo hii imejifunza kwa maandishi yanayofanana, kwa hiyo hukosea pamoja kama wanafunzi walioibiana jibu. Muuzaji haombi ushauri, anaomba ajulishwe. Mstari ambao A na B wanafanana ndio ninaousoma nikiwa na asili mkononi.

Safu ya mwisho ikawa hivi:

Tunawashukuru kwa kuagiza pampu pamoja na kisanduku chake cha kuwashia. Pampu imejaribiwa na itatoka ghalani Alhamisi saa 9 alasiri. Tafadhali malizieni deni lililobaki, mwisho Jumatano. Msishushe pampu kisimani kabla fundi wetu hajakikagua kisima. Atafika Ijumaa saa 4 asubuhi. Waranti haihusu uharibifu unaotokana na mchanga, isipokuwa kama pampu imefungwa chujio. Tujulisheni kama siku hiyo haiwafai.

Sina uhakika na "msishushe". Kusakinisha nimelitupa, hilo ni la programu za kompyuta. Kufunga ndilo neno la mafundi, lakini "msiifunge pampu" linaweza kusomeka kama msiizime. Kushusha ni wazi kwa kila aliyewahi kuona kisima kirefu, ila ni finyu kuliko asili: je, kisanduku waruhusiwe kukitundika ukutani wakati wanamsubiri fundi? Asili haisemi. Hapo hakuna mtambo wa tatu wa kukuokoa, unampigia aliyeandika.

Na shaka nyingine: sijui kama kazi hii yote inaokoa muda. Ukishasoma tafsiri mbili mbovu, sikio linaharibika, "salio bora" linaanza kukubalika. Kipimo changu ni kwamba kama katika sentensi sita za kwanza zaidi ya nusu zimehitaji kuandikwa upya, nafunga A na B na kutafsiri mwenyewe. Barua hii ingeangukia hapo.

Ukikamilisha, usiisome wewe. Mpe mtu ambaye hajaona asili, A wala B, asome mara moja, kisha muulize: mwisho wa kulipa ni lini, fundi anafika saa ngapi, ni kitu gani kisishushwe, na chujio lina kazi gani kwenye waranti. Akisita kwenye swali lolote, rudi kwenye safu ya asili, si kwenye A au B.