Karatasi tatu, asilimia moja: dhana potofu kuhusu kujumlisha alama

Dhana: Geuza kila karatasi iwe asilimia, kisha gawanya kwa tatu.

Chukua Kiswahili cha KCSE. Insha ina alama 40, Lugha 80 na Fasihi 80. Jumla ni 200, kwa hiyo hugawanywa kwa 2. Mwanafunzi aliyepata 30, 44 na 50 ana 124, yaani asilimia 62.

Ukianza na asilimia, unapata 75, 55 na 62.5, na wastani wake ni kama 64.2. Hizo alama mbili za ziada ni za bure. Insha, ambayo ni sehemu moja tu ya tano ya mtihani, imepewa thuluthi nzima. Aliyeboronga insha naye hupunjwa kwa njia iyo hiyo, ila yeye huwa hajui.

Dhana: Basi kila somo ni kujumlisha na kugawanya kwa mbili.

Hapa ndipo hata walimu wazoefu huteleza, kwa kuwa Kemia nayo ina 80, 80 na 40. Jumla ni 200 vilevile. Lakini kwa kawaida shule hukokotoa hivi: karatasi mbili za nadharia hupunguzwa hadi 60, halafu ile ya maabara huongezwa jinsi ilivyo. Kwenye Excel, alama zikiwa safu za B, C na D:

```
=(B2+C2)/160*60+D2
```

Mwenye 48, 40 na 30 anapata 33 za nadharia na 30 za maabara: 63. Ukigawanya tu 118 kwa 2, anabaki na 59. Tofauti ya alama nne yaweza kumshusha gredi.

Dhana: Fomula ikitoa 100 kwa aliyepata zote, iko sawa.

Njia zote mbili za Kemia hutoa 100 kwa aliyepata 80, 80 na 40, kwa hiyo jaribio hilo halionyeshi lolote. Weka mwanafunzi wa kubuni mwenye 0, 0 na 40. Fomula sahihi itampa 40, ile nyingine 20. Kisha mpe 80, 0 na 0: sahihi ni 30. Kwa majaribio hayo unauona uzito halisi wa kila karatasi, na kosa halina pa kujificha.

Dhana: Ukiondoa desimali mapema hakuna kinachoharibika.

Nadharia 44 na 36 ni 80 kwa 160, yaani 30 kamili kati ya 60. Mwalimu anayegeuza kila karatasi kuwa kati ya 30 peke yake hupata 16.5 na 13.5, akaziandika 17 na 14. Jumla inakuwa 31. Desimali ziachwe hadi hatua ya mwisho. Zikishaondolewa katikati, ripoti inayofika nyumbani haionyeshi alama hiyo ilitoka wapi, na mzazi anayetaka kuhakiki hana budi kuomba alama ghafi za karatasi zote tatu.