Kisiwa cha watu wasioona rangi: maswali na majibu kuhusu jeni na bahati

Shikamoo daktari. Niko Majengo, Moshi. Mwanangu wa sekondari ameniambia kuna kisiwa ambako watu wengi hawaoni rangi kabisa na jua linawaumiza macho. Wamepatwa na nini? Ni laana, au kuna kitu wanakula?

Marahaba mama. Kisiwa chenyewe kinaitwa Pingelap, kipo Mikronesia, kwenye bahari ya Pasifiki. Hawana laana, na chakula chao hakina kosa.

Mnamo 1775 hivi kimbunga kilikipiga kisiwa hicho. Waliokufa kwa kimbunga na kwa njaa iliyofuata walikuwa wengi kiasi kwamba walibaki watu kama 20 tu. Mmoja wao alikuwa mtawala wa kisiwa. Wataalamu waliofuatilia koo za Pingelap wakirudi nyuma kizazi kwa kizazi walifika kwake: inaonekana ndiye aliyebeba nakala moja mbovu ya jeni iitwayo CNGB3. Jeni hii inahitajika na zile seli za jicho zinazotuonyesha rangi na kutusaidia kuona mchana. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na moja mbovu na moja nzima, unaona vizuri kabisa wala hujui kama umebeba kitu. Zikiwa mbovu zote mbili, dunia nzima ni nyeusi, nyeupe na kijivu, macho yanachezacheza, mwanga wa mchana unachoma, na maandishi ya ubaoni hayasomeki.

Sasa chukua debe la maharage meupe, uweke humo meusi machache, tuseme moja katika kila 400. Chota 40 bila kuangalia. Nimechagua 40 kwa sababu watu 20 wana nakala 40 za jeni. Ukirudia kuchota mara kumi, kwa kawaida mara tisa hutapata jeusi hata moja. Ile mara moja ukilipata, tazama kilichotokea: kwenye debe lilikuwa 1 kati ya 400, mkononi mwako ni 1 kati ya 40. Limeongezeka mara kumi na hakuna aliyeongeza kitu. Ukipanda maharage ya mkononi mwako peke yake, shamba lako litafanana na kiganja chako, halitafanana na debe. Wataalamu wanaiita athari ya waanzilishi. Kimbunga hakikuharibu jeni ya mtu yeyote, kilipunguza watu tu, na hao waliobaki ndio wakawa mbegu.

Lakini huyo ni mtu mmoja. Kama jeni yake ni mbovu, mbona haikupotea yenyewe?

Ingeweza kupotea, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Kila mtoto wa mbebaji ana nafasi nusu kwa nusu ya kupewa nakala mbovu, kama kurusha sarafu. Mbebaji akipata watoto wawili, kuna nafasi 1 kati ya 4 kwamba wote wawili watapewa ile nzima, na jeni mbovu inaishia hapo. Akipata watoto sita, nafasi hiyo inashuka hadi 1 kati ya 64. Mtawala wa Pingelap aliacha uzao mkubwa. Angekuwa mvuvi mwenye watoto wawili, huenda leo nisingekuwa na cha kukusimulia.

Katika mji wa watu laki mbili bahati za namna hii husawazishana: huku jeni inapotea, kule inaongezeka, jumla inabaki palepale. Kwa watu 20 hakuna cha kusawazisha. Familia moja ikijaliwa watoto na nyingine ikikosa, hesabu ya kisiwa kizima inahama. Kuhama huko kwa bahati tupu, kizazi hadi kizazi, ndiko kuyumba kwa jeni, na hakujali kama jeni ni nzuri au mbaya. Kumbuka pia kwamba mbebaji haumwi, kwa hiyo hakuna kinachomzuia kuoa na kuzaa.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: wagonjwa wa kwanza hawakuonekana mara baada ya kimbunga. Walianza kuzaliwa kizazi cha nne. Nakala ilikuwa moja, na ili mtoto apate mbili ilibidi uzao wa yule mtawala uenee kwanza, kisha waanze kuoana wao kwa wao. Wala si kwamba walipenda kuoa ndugu. Kisiwa kikianza na watu 20, baada ya vizazi vichache kila mchumba unayemwona ni ndugu yako kwa upande fulani. Leo karibu mtu 1 kati ya 20 wa Pingelap haoni rangi, na karibu theluthi ya watu ni wabebaji. Kwingineko duniani hali hii humpata mtu mmoja katika makumi ya maelfu.

Daktari, kwenye familia yetu kuna sikoseli. Nayo ilienea kwa bahati hivyo?

Hapana, hiyo ina njia nyingine. Anayebeba nakala moja ya jeni ya sikoseli hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Enzi ambazo malaria iliua watoto wengi, wabebaji walipona zaidi, wakakua, wakairithisha. Ndiyo maana jeni hiyo inafuata ramani ya malaria na imeenea kwa mamilioni ya watu wa makabila tofauti. Jeni iliyoenea kwa kuyumba haifuati hali ya hewa wala ugonjwa. Inafuata ukoo.

Sisi tuko Maji ya Chai, Arusha. Watoto wa kitongoji chetu karibu wote wana meno ya kahawia, na koo zetu ni chache. Si ndiyo hiyo athari ya waanzilishi?

Hayo ni maji, ndugu yangu. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inatoa floridi nyingi, nayo huharibu meno wakati yanatengenezwa, yaani miaka minane ya mwanzo hivi. Unaweza kupima mwenyewe bila maabara. Mtoto wa mgeni aliyehamia kwenu akiwa mchanga atapata meno hayohayo, ingawa hana damu yenu. Binamu yake aliyekulia kwenye maji yasiyo na floridi nyingi atakuwa na meno meupe, ingawa damu ni moja. Kitu kinachofuata bomba au kisima hakikurithiwa. Tena msichemshe mkidhani inatoka: maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, inakuwa kali zaidi.

Ni mimi tena wa Majengo. Hao wa Pingelap wakioa nje, tatizo litaisha?

Wagonjwa watapungua, jeni haitaisha. Wengi wao wamehamia kisiwa kikubwa cha Pohnpei. Asiyeona rangi akizaa na mtu wa nje asiye na jeni hiyo, watoto wote wataona rangi vizuri, na wote watakuwa wabebaji. Huku Uchagani mila ya kutooa ndani ya ukoo husaidia kwa namna hiyohiyo, ila huhesabu upande wa baba. Watoto wa dada wawili wana ukoo tofauti, lakini bibi na babu wao ni walewale, na jeni haiulizi jina la ukoo.