Namba nyingi kwenye kadi ya mchango

“Tukiweka namba za wanakamati wote kwenye kadi, tapeli atapitia wapi?”

Atapitia humo humo. Kadi yenye namba saba, zote zikiwa chini ya neno “Kamati”, haimwambii mchangiaji ipi inapokea hela. Siku mbili kabla ya harusi namba ya nane inatuma ujumbe: “Laini ya mweka hazina imejaa, tuma hapa.” Nani atashtuka, wakati namba zenyewe hazikumbukiki?

Tenganisha kazi. Mwenyekiti na katibu ni wa kuulizwa tu. Namba ya kupokea iwe moja, na chini yake liandikwe jina kamili lililosajiliwa kwenye laini, si “Mama Neema”. Mchangiaji analinganisha jina hilo na linalotokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri. Yakitofautiana, anasitisha. Ongezeni mstari huu: “Namba hii haitabadilika.”

Ila kadi nayo huchezewa. Picha yake ikizunguka WhatsApp, mtu hufuta namba na jina, akabandika vyake, na hapo majina yatalingana vizuri tu. Ndiyo maana uhakiki haufanywi kwa namba za kwenye kadi hiyo hiyo: mpigie ndugu ambaye namba yake ulikuwa nayo tangu zamani.

Msibani ni vigumu zaidi, maana watu wanatuma haraka na kuona aibu kuuliza. Mweka hazina akibandika kila jioni kwenye kundi la familia orodha ya waliotoa, aliyetuma kwingine atajikosa na kupiga kelele siku hiyo hiyo.